Mita ya Maji, Tenki na Lahajedwali: Shajara ya Klabu ya Kompyuta, Tabora

Jumatatu, 28 Julai

Leo klabu imechagua kitu cha kupima na kuingiza kwenye lahajedwali: maji ya shule. Nusu ya wanafunzi walitaka umeme, na hoja yao ilikuwa nzuri: mita ya LUKU iko ukutani karibu na ofisi, hakuna haja ya kwenda getini. Lakini LUKU inaonyesha uniti zilizobaki, namba inashuka kila siku na kupanda ghafla mtu anaponunua, kwa hiyo bila kumbukumbu za manunuzi hesabu inavurugika. Mita ya maji ina tabia moja tu, kuongezeka. Kwa Kidato cha Pili wanaofungua lahajedwali kwa mara ya kwanza, hapo ndipo pa kuanzia.

Tulikwenda wote kuitazama. Ina tarakimu tano nyeusi na tatu nyekundu. Nyeusi ni mita za ujazo, yaani uniti zinazoandikwa kwenye ankara, na kila uniti ni lita 1,000. Nyekundu ni sehemu ya uniti, na ya mwisho kabisa inahesabu lita moja moja. Kwa hiyo tunaandika nukta baada ya tarakimu ya tano na hatuachi nyekundu hata moja. Msoma mita anayekuja kila mwezi anahitaji nyeusi tu, ila sisi tunatafuta matumizi ya saa chache, na katika saa chache nyeusi inaweza isisogee kabisa.

Katikati ya mita kuna kinyota kidogo kinachozunguka maji yanapopita, hata yakiwa kidogo sana. Tulikitazama kwa muda, kikawa kinazunguka polepole bila kusimama. Mmoja akasema ni lazima kuna bomba limepasuka. Nimewaomba wasiandike neno hilo popote kwa sasa.

Tumekubaliana kusoma mara nne kwa siku: saa 10 alfajiri, saa 12 na nusu asubuhi, saa 10 jioni na saa 4 usiku. Saa hizo hatukuzichagua ovyo. Shule yetu ni ya kutwa, lakini ina hosteli ya wasichana 96, na wasichana wanaoga kati ya saa 10 na nusu na saa 12 alfajiri. Tungesoma jioni na asubuhi tu, maji ya kuoga yangehesabiwa kuwa ya usiku. Kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri ndipo shule nzima imelala, na kipindi hicho ndicho ninachokitaka. Usomaji wa alfajiri na wa usiku utafanywa na mzee wetu wa ulinzi, ambaye anapita getini muda huo hata hivyo. Atapiga picha ya mita kwa simu, na picha inabeba saa yake yenyewe.

Jumatano, 30 Julai

Kompyuta zetu zina LibreOffice Calc. Tumeanza na safu tatu: muda, mita, na jina la aliyesoma.

Kazi kubwa ya leo ilikuwa muda. Karatasi za kwanza zilizorudi ziliandikwa kama tunavyosema: 12:30 kwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 10:00 kwa saa kumi jioni, na 10:00 tena kwa saa kumi alfajiri. Kompyuta inaichukua 12:30 kuwa mchana wa jua kali, na saa kumi mbili zilizo tofauti inaziona ni moja. Ukitoa muda mmoja kwenye mwingine unapata sifuri, na ukigawanya lita kwa sifuri seli inajaa `#DIV/0!`. Wanafunzi walidhani fomula imeharibika. Fomula ilikuwa sawa, ila hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba siku yetu inaanza jua linapochomoza.

Sasa tarehe na saa zinakaa kwenye seli moja, na kila msomaji ana karatasi ndogo yenye mistari minne tu: saa 10 alfajiri ni 04:00, saa 12 na nusu asubuhi ni 06:30, saa 10 jioni ni 16:00, saa 4 usiku ni 22:00. Kwa mfano:

```
2025-07-30 06:30
```

Nikawaonyesha pia jinsi ya kujua kama kompyuta imekubali. Namba na tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli. Kilichokaa kushoto kimehesabiwa kuwa maandishi. Mwanafunzi aliyeandika "1183.204 m3" alikuta namba yake kushoto, na kila seli iliyoitegemea ikatoa kosa. Kipimo kinaandikwa kwenye kichwa cha safu, hakiandikwi pamoja na namba.

Alhamisi, 7 Agosti

Chati ya kwanza imechorwa, na kama nilivyotarajia, wamechora usomaji wenyewe. Ni mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, umenyooka, unapendeza, na hausemi chochote. Mita haiwezi kushuka, kwa hiyo chati yake itapanda hata kama shule imefungwa. Nimewaacha waitazame hadi mmoja wao akauliza mwenyewe: "Mwalimu, tunajuaje siku ipi ilikuwa kubwa?" Hapo ndipo tuliporudi kwenye kutoa:

```
D3: =(A3-A2)*24
E3: =(B3-B2)*1000
F3: =E3/D3
```

Ya kwanza inatoa saa zilizopita tangu usomaji uliotangulia. Kompyuta inahesabu muda kwa siku, ndiyo maana tunazidisha kwa 24. Ya pili inatoa lita. Ya tatu inagawanya, tunapata lita kwa saa.

Kugawanya huku kumetuokoa mapema. Jumapili usomaji wa jioni ulikosekana, na lita za mstari uliofuata zilikuwa nyingi mno, kwa kuwa zilikusanya vipindi viwili. Mwanafunzi mmoja alitaka kubuni namba ya katikati ili mstari ukamilike. Hapana. Mstari unabaki kama ulivyo, saa zinakuwa nyingi zaidi, na lita kwa saa inabaki ya kweli kwa kipindi chote hicho kirefu. Tulichopoteza ni uwezo wa kutenganisha mchana na jioni siku hiyo, basi.

Kosa jingine lilijitokeza lenyewe. Jana lita za kipindi kimoja zilikuwa hasi, zaidi ya 16,000 chini ya sifuri, na kipindi kilichofuata kikapanda hadi zaidi ya 19,000. Hasi kubwa inayofuatwa na chanya kubwa ni dalili ya usomaji mmoja mbaya katikati, kwa sababu kila usomaji unaingia kwenye hesabu mbili: katika moja wenyewe unatolewa, na katika nyingine usomaji mwingine unatolewa kwake. Tulifungua picha: mita ilisema 01231.506, karatasi ilisema 01213.506. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tumesahihisha na kuandika kwenye safu ya maelezo kwamba tumesahihisha, na kwa ushahidi gani.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumeongeza safu ya kipindi (Alfajiri, Mchana, Jioni, Usiku) na kuchukua wastani wa kila kimoja:

```
=AVERAGEIF(H:H,"Usiku",F:F)
```

Kisha chati ya nguzo nne. Alfajiri lita 300 kwa saa, mchana 190, jioni 260, usiku 421.

Darasa lililipuka. Usiku ndiyo nguzo ndefu kuliko zote! Waliokaa nyuma wakaanza kuwatazama wasichana wa hosteli, na mmoja akasema wazi kwamba wanafua usiku. Msichana mmoja alisimama, akasema kwa sauti ya utulivu: "Mwalimu, saa nne taa zinazimwa. Matroni anapita chumba kwa chumba. Sisi usiku tunalala." Sikutaka neno langu limalize ubishi. Nilitaka namba zifanye hivyo, na bahati nzuri tulikuwa na siku moja ya kuzihoji.

Ijumaa ilikuwa Nane Nane. Wanafunzi wa kutwa hawakuja, walibaki wa hosteli peke yao. Nikauliza: kama mita inapima matumizi, nguzo ya mchana wa Nane Nane iwe na urefu gani? Wote wakasema fupi, labda nusu. Tukaitafuta: lita 187 kwa saa. Karibu sawa kabisa na mchana wa kawaida, wakati shule imejaa wanafunzi zaidi ya 500.

Kimya. Halafu yule msichana wa hosteli akauliza kama mita inajua maji yanakwenda wapi yakishapita.

Haijui. Mita iko getini. Maji yakitoka hapo yanapanda kwenye tenki la lita 10,000 juu ya mnara, na kutoka kwenye tenki ndipo yanapogawanyika kwenda vyooni, jikoni na hosteli. Mchana mtaa mzima unachota, msukumo wa bomba unakuwa mdogo, yanaingia kidogo kidogo hata kama shule inachota mengi. Tenki linashuka. Usiku mtaa umelala, msukumo unarudi, tenki linajaa. Nguzo zetu nne zilikuwa zinaonyesha tabia ya bomba la mtaa, na sisi tulikuwa tayari kuwahukumu nazo watu waliolala.

Jumanne, 12 Agosti

Tunahitaji kujua kina cha maji ndani ya tenki, na tenki ni jeusi, halionyeshi kitu. Fundi bomba ametufungia mpira wa uwazi kwenye kitundu cha chini cha kusafishia, umepanda wima ubavuni mwa tenki, mdomo wa juu wazi. Maji kwenye mpira yanasimama sawa na yaliyo ndani. Pembeni tumebandika futi ya fundi cherehani, sifuri ikiwa usawa wa sakafu ya tenki.

Kisha, sentimita moja ya kina ni lita ngapi? Walipima mzunguko wa tenki kwa kamba: sentimita 691. Kupanda juu kupima kipenyo sikuruhusu. Eneo la duara kwa kutumia mzunguko ni mzunguko mara mzunguko, gawanya kwa 4π, na sentimita za ujazo 1,000 ni lita moja:

```
=691^2/(4*PI())/1000
```

Jibu ni 38.0. Kila sentimita kwenye mpira ni lita 38. Tulilijaribu jibu kwa njia ya pili: maji ya lita 10,000 yakigawanywa kwa 38 yanapaswa kusimama sentimita 263, na urefu wa tenki lenyewe unakaribiana na huo. Hesabu hii inafaa kwa sehemu iliyonyooka tu. Juu, tenki linapoanza kupinda kuelekea mfuniko, sentimita inabeba maji pungufu.

Ijumaa, 15 Agosti

Safu mpya imeingia, kina cha tenki, na hesabu ya matumizi imebadilika. Kilichotumika ni kilichoingia, toa kilichoongezeka tenkini. Jina la msomaji limehamia mwishoni, safu C sasa ni kina, E ni lita zilizoingia, F sasa ni lita zilizotumika, na G ni kwa saa, nayo ndiyo wastani unaisoma sasa:

```
F3: =E3-(C3-C2)*38
G3: =F3/D3
```

Usiku wa kuamkia leo tuliufanya ubaoni kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Saa 4 usiku mita ilisoma 01287.412 na tenki sentimita 118. Saa 10 alfajiri mita ilisoma 01289.936 na tenki sentimita 171. Zimeingia lita 2,524. Tenki limepanda sentimita 53, na 53 mara 38 ni 2,014. Zilizotoka kwenda kwenye mabomba ni 510. Gawanya kwa saa 6: lita 85 kwa saa.

Zile 421 zimekuwa 85. Nguzo ndefu kuliko zote imekuwa fupi kuliko zote. Chati ya siku hizi chache inasoma alfajiri 610, mchana 305, jioni 283, usiku 85, na sasa ina sura ya shule: wasichana wanaoga, madarasa yanajaa, jioni kuna kufua na kupika. Alfajiri nilitaka waikague zaidi. Lita 610 kwa saa mbili na nusu ni 1,525, kwa wasichana 96 ni kama lita 16 kila mmoja. Ndoo moja ndogo ya kuoga. Inaaminika.

Lakini 85 haikuniacha. Watu 96 waliolala hawatumii lita 510. Na kama ni maji yanayopotea, hayapotei usiku tu, yanapotea saa zote 24, ila mchana yamefichwa ndani ya matumizi halali. Mara 24, ni lita 2,040 kwa siku, kati ya jumla yetu ya takribani 6,600. Karibu theluthi.

Jumamosi, 16 Agosti

Hosteli walijaza ndoo mapema, tukapata mchana bila uchotaji. Tulifunga koki ya kuingiza maji tenkini, kisha koki zote tatu za kutoka, tukasubiri saa moja. Mpira haukusogea, kwa hiyo tenki lenyewe ni zima. Kisha tukafungua koki moja moja, kila moja kwa saa nzima, huku nyingine zimefungwa na hakuna anayegusa bomba.

Hosteli: haikushuka. Jikoni na maabara: haikushuka. Vyoo vya jengo la madarasa: imeshuka sentimita 2, yaani lita 76.

Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kwa nini si 85 kamili. Swali zuri. Kwenye futi tunasoma hadi nusu sentimita, na nusu sentimita ni lita 19, kwa hiyo kwa jaribio la saa moja 76 na 85 hatuwezi kuzitofautisha. Usiku wa saa 6 kosa lilelile linagawanywa kwa sita, ndiyo maana ninaiamini zaidi namba ya usiku. Na kwa sababu hiyohiyo siwezi kuapa kwamba hosteli haivuji kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba haivuji kiasi ambacho futi yetu ingekiona.

Vyoo hivyo usiku havina mtu. Ndani yake mna sistani nne. Tulitia bluu ya kufulia kidogo kwenye kila sistani, tukafunga milango na kusubiri bila mtu kuvuta maji. Sistani mbili zilishusha rangi kwenye bakuli. Moja, raba ya chini imekakamaa na haikai vizuri. Nyingine, boya limepinda, valvu haifungi, maji yanapita juu ya bomba la kufurikia na kuteremka ndani ya bakuli. Hakuna tone sakafuni, hakuna sauti ya kuzidi kelele za wanafunzi. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumanne, 19 Agosti

Fundi amebadilisha raba na boya. Tumeandika neno MATENGENEZO kwenye safu ya maelezo, na wastani unahesabiwa kando, kabla na baada. Tukichanganya vyote, wastani wa usiku utashuka polepole siku hadi siku na kuonekana kama kitu kinapona chenyewe.

Alhamisi, 28 Agosti

Usiku sasa ni wastani wa lita 12 kwa saa. Alfajiri 548, mchana 229, jioni 215.

Nilichowaomba wakitazame leo ni tofauti, nguzo kwa nguzo. Usiku umepungua 73, alfajiri 62, mchana 76, jioni 68. Kama sistani zilikuwa zinavuja saa zote, nguzo zote nne zilipaswa kupungua kwa kiasi kinachofanana, na zimefanya hivyo. Ingekuwa ni wanafunzi wameanza kubana matumizi kwa sababu tunawatazama, mchana ungepungua sana na usiku usingesogea. Hazikulingana kabisa, kwa kuwa matumizi ya watu hubadilika, na wiki hii Kidato cha Nne walikuwa na mitihani na hawakutoka kwa michezo.

Lita 12 zilizobaki tumeziacha. Kwa saa 6 ni 72, ambazo ni mara chache za kuvuta maji chooni hosteli, na makosa ya futi pande zote mbili za usiku yanaweza kuleta hadi lita 6 kwa saa peke yake. Chini ya hapo kipimo chetu hakioni.

Jambo moja ambalo jedwali hili haliwezi kulitenganisha: boya la tenki likiharibika na tenki likafurika, maji yatamwagika kwenye bomba la juu na sisi tutayaandika kuwa yametumika. Kwa hiyo usiku wowote ambao kina cha saa 10 alfajiri kimefika 250 na kuendelea, mzee wa ulinzi ataangalia kama bomba la kufurikia linatiririka na kuandika ndiyo au hapana.

Kuanzia Septemba usomaji unabaki mara mbili tu, saa 4 usiku na saa 10 alfajiri, mita na mpira. Safu ya usiku imewekewa sharti la rangi: seli ikizidi lita 30 kwa saa inakuwa nyekundu. Usiku mmoja mwekundu hatufanyi kitu, huenda kuna mgonjwa hosteli au mtu amesahau bomba. Ukifuatana mara tatu, tunachukua bluu na kurudi vyooni.